Mchezo wa Rede Dimbwini

Hadithi inabisha hodi!

*Iingie, ikae, tuisikie!*

Hapo kale, kale sana, wanyama na ndege walipokuwa na lugha moja, mvua ilikata. Mto ukakauka. Likabaki dimbwi moja dogo, la kunywewa na pande mbili: watu wa Mlimani na watu wa Bondeni. Wanaotangulia wanakunywa maji safi. Wanaofuata wanakunywa tope.

Wakagombana siku ya kwanza. Wakagombana siku ya pili. Siku ya tatu Digidigi akavunjwa mguu wa nyuma, ndipo wakasema, "Basi, tuache kuumizana. Watoto wetu wacheze rede. Watakaoshinda watatangulia kunywa juma zima."

Na mwamuzi? Walitaja wengi, wakawakataa wote. Mwisho wakamkubali Mwalimu Kanga, aliyewafundisha watoto wa pande zote mbili. Yeye hakufurahi. Alikuwa wa Bondeni. Nyumbani alikuwa na vifaranga sita wenye kiu, na binti yake mkubwa, Kidoa, alikuwa mchezaji.

"Mimi ni mama wa mmoja wao," aliwaambia. "Tafuteni mwingine."

"Hatuna mwingine," alisema Nyani mzee wa Mlimani. "Ila tutakukodolea macho."

"Nikodoleeni."

Kabla mpira haujarushwa, Mwalimu Kanga alichora mistari miwili kwa ukucha, mmoja huku na mwingine kule. Katikati akaweka kibuyu kitupu na fungu la mchanga. Akawakusanya wachezaji.

"Semeni sheria, nisikie."

Wakasema. Warushaji wawe nyuma ya mistari. Walio katikati wakwepe mpira na kujaza kibuyu mchanga. Kibuyu kikijaa, wa katikati wameshinda. Wakiguswa wote kabla hakijajaa, wameshindwa.

"Na aliyeguswa?"

"Anasema 'nimeguswa', anatoka mwenyewe!"

"Asisubiri kutolewa. Nikipiga mbawa, mpira unalala na midomo inafungwa. Watasema wawili tu, anayedai na anayedaiwa. Mzazi atakayeingia uwanjani, upande wake unapoteza mzunguko. Na atakayenidanganya, mchezo unaofuata anakaa nje. Awe mtoto wa nani, sijali."

Mistari akamkabidhi Kobe, ambaye hana upande kwa sababu nyumba yake anatembea nayo.

Mizunguko ilikuwa mitatu.

Mzunguko wa kwanza Bondeni walikaa katikati. Nyegere wa Mlimani akarusha, akampiga Sungura ubavuni. Kobe akanyoosha shingo. Mwalimu akapiga mbawa.

"Alivuka mstari," alisema Kobe.

"Labda niliteleza!" alisema Nyegere.

Mwalimu aliinama akatazama alama. "Weka mguu wako hapa." Mguu ukaenea. "Anayeteleza huburuza kisigino. Hapa hapana mburuzo. Vidole vimezama, kama vya aliyeruka."

Nyegere akaondoa mguu.

Mwalimu akamvuta kando, akamwambia polepole, "Mrusho haukuhesabiwa. Sungura anarudi. Ulisema 'labda', basi hili ni onyo tu, na la pili linakutoa. Una mkono mzuri, Nyegere, huhitaji kuvuka mstari. Rudi ucheze."

Hakumpigia kelele. Hakumwaibisha mbele ya watu. Bondeni wakajaza kibuyu.

Mzunguko wa pili Mlimani walikaa katikati. Mpira ukampitia Ngiri karibu na sikio.

"Ameguswa!" walisema Bondeni.

"Bado! Upepo tu!" alisema Ngiri.

Mbawa zikapigwa. Kobe hakuona, Mwalimu naye hakuona. Akamuuliza mrushaji peke yake, akamuuliza Ngiri peke yake. Kila mmoja aliamini lake.

"Sikuona," Mwalimu aliwaambia wote. "Mrusho unarudiwa."

"Mwalimu gani huyu asiyejua!" watu wa Bondeni walimzomea, jirani zake mwenyewe.

"Ndiyo, sijui. Ndiyo maana tunarudia."

Mrusho ukarudiwa, Ngiri akakwepa. Mlimani wakajaza kibuyu. Sare.

Kwa mzunguko wa tatu Kobe alificha kijiwe, wakabahatisha kilipo, Bondeni wakapata katikati. Akatoka Sungura. Akatoka Kuchakulo. Akabaki Kidoa peke yake, na kibuyu kimepungua konzi moja tu.

Nyegere akarusha. Kidoa akainama, akakwangua mchanga, akajaza, akasimama.

"Kimejaa!"

Bondeni wakalipuka kwa vigelegele. Nyegere akainua mkono. "Nimemgusa, Mwalimu. Mkiani."

Mbawa zikapigwa. Kobe akatikisa kichwa. Vumbi lilikuwa jingi, hakuona. Mwalimu naye hakuona. Aliona jambo jingine. Kidoa alikuwa anachakura ardhi kwa mguu wa kushoto, chaku, chaku, kama afanyavyo nyumbani akivunja chungu halafu akasema ni paka.

Kile kilikuwa kitu anachokijua mama. Mwamuzi hakuwa na ushahidi.

Akamuuliza Nyegere kando. Kisha akamwita binti yake.

"Mpira ulipita wapi?"

"Juu ya mgongo, mama."

"Hapa niite mwalimu."

Kidoa akatazama chini. "Wadogo zangu wana kiu."

"Najua. Mimi ndiye ninayewalaza. Sikiliza. Sikuona, na kwa nisichokiona narudia mrusho, kama nilivyofanya kwa Ngiri. Siwezi kukukamata. Lakini mchezo huu ukiingiwa na uongo, kesho hakuna atakayesema 'nimeguswa'. Tutarudi kwenye kuvunjana miguu. Nenda ukasimame katikati. Ukifika, sema lililo kweli."

Kidoa alitembea. Ngo, ngo, ngo. Akafika kwenye kibuyu.

"Nimeguswa," alisema.

Hakuna aliyemsikia.

"Nimeguswa! Nilijua tangu mwanzo."

Bondeni wakapiga kelele. "Umetuuza, wewe mtoto!" Sungura akataka kuingia uwanjani, mama yake akamshika sikio.

"Mlimani wameshinda," alisema Mwalimu Kanga. "Kidoa amesema kweli, lakini alianza kwa uongo. Mchezo ujao atakaa nje. Sasa peaneni mikono, nyote."

Nyegere alikuwa wa kwanza kumpa Kidoa mkono.

Juma lile Bondeni walikunywa tope. Mwalimu Kanga alilichuja kwa majani, na hata hivyo kifaranga mdogo aliharisha siku tatu. Majirani hawakumsalimia. Akafua, akapika, akafundisha.

Juma likaisha, wakarudi uwanjani. Kidoa alikaa nje na Kobe, akilinda mistari. Mzunguko wa tatu, sare tena, Nyegere alibaki katikati peke yake. Mpira ukaruka, vumbi likatimka, Nyegere akajaza kibuyu mpaka mdomoni.

Mlimani wakashangilia. Hakuna aliyedai kitu. Mrushaji mwenyewe alikwisha kuinamisha kichwa. Kobe hakuona. Kidoa hakuona. Mwalimu hakuona.

Nyegere alisimama na kibuyu mkononi. Akamtazama Kidoa pale mstarini. Kisha akakipindua kibuyu, mchanga ukamwagika wote.

"Nimeguswa," alisema. "Kwenye unywele tu. Lakini nimeguswa."

"Bondeni wameshinda," alisema Mwalimu Kanga.

Asubuhi yake vifaranga sita wa Mwalimu Kanga walikunywa maji safi. Kutoka siku hiyo hakuna mguu uliovunjwa pale dimbwini, mpaka mvua iliponyesha.

Funzo lake ni hili: mwamuzi ana macho mawili tu, na uwanja ni mpana. Asiyoyaona yeye yanalindwa na mchezaji mwenyewe. Na anayefundisha watoto haki aanze na wa kwake.

Hadithi imeaga, mlango naurudishia.

*Iende salama, sisi tumebaki nayo!*