Mvunja Miadi Haendi Mikono Mitupu

"Mvunja miadi haendi mikono mitupu." Hivyo ndivyo nilivyomwambia Sefue hapa, nilipomwona akimwandikia rafiki yake kwamba amepata dharura, na dharura yenyewe ni mpira wa kwenye televisheni. Mkacheka, mkaniuliza huyo mvunja miadi abebe nini, kuku? Basi sogeeni niwaambie. Methali hii ilianza hivi.

Zamani hizo huku kwetu milimani hapakuwa na kalenda ukutani wala simu mfukoni. Watu wawili wakiwekeana siku, walichana kamba mbili za mgomba, wakazipiga mafundo sawasawa, kila mmoja akaondoka na yake. Kila asubuhi ulifungua fundo moja. Asubuhi uliyofungua la mwisho ndiyo siku yenyewe, na huko uendako mtu anakungoja.

Kulikuwa na mwanamke kijana jina lake Nakijwa. Rafiki yake mkubwa alikuwa Mwajabu, mfinyanzi, aliyekaa ng'ambo ya bonde. Mwajabu alikuwa amefinyanga vyungu vya kupeleka sokoni, vimekauka vizuri, vimebaki kuchomwa. Na kuchoma vyungu si kazi ya mtu mmoja. Moto unalishwa pande zote mbili kwa pamoja, maana ukizidi upande mmoja chungu kinapasuka. Tena vikiiva vinatolewa vyekundu kwa miti mirefu, mmoja anashika huku na mwenzake kule. Nakijwa aliahidi kuja kusaidia, na kamba yake ilikuwa imebaki na fundo moja tu.

Jioni ya fundo hilo, jua bado lipo, watu wa ngoma ya kijiji wakamjia mlangoni. Kesho yake palikuwa na mashindano na watu wa mlima wa pili, na mwimbishaji wao alikuwa amekaukiwa na sauti. Walimtaka Nakijwa aimbishe. Jamani, moyo ulimruka! Tangu utoto alikuwa akiimbisha migomba na mbuzi wa baba yake, na leo anaitwa kuimbisha watu. Alisema ndiyo kabla hawajamaliza kusema.

Ndipo alipoiona kamba ikining'inia kwenye msumari.

Kiongozi wa ngoma, Mrutu, mtu wa maneno mengi, alimwambia asijisumbue. Atume mtoto akaseme kwamba Nakijwa ana homa. Homa haina mashahidi. Nakijwa alikaribia kukubali, maana uongo ule ulikuwa mwepesi na njia ya ng'ambo ilikuwa ndefu. Lakini alimjua Mwajabu. Kesho asubuhi angepika uji, achemshe na magome ya kupaka vyungu, halafu asikie kuna homa, aache kazi yake yote aje kumwuguza. Mtu wa namna hiyo unamdanganyaje?

Akachana kamba mbili mpya, akapiga kila moja mafundo mawili, yaani keshokutwa, akateremka bondeni mbio kabla giza halijaingia.

Alimkuta Mwajabu uani, kuni zimepangwa, nyasi kavu zimerundikwa, vyungu vimesimama juu ya kitanda chao cha kuni. Mwajabu alipomwona alifurahi, akadhani amekuja kulala ili waamkie kazi. Nakijwa hakukaa. Aliona kwamba akikaa na kuandaliwa chakula, ulimi utakuwa mzito.

"Mwenzangu, kesho sitakuja," alisema. "Siumwi, wala sina msiba. Nimeitwa kuimbisha ngoma, na nimekubali kwa sababu nataka sana. Najua umekwisha panga kila kitu. Nisamehe."

Mwajabu alizunguka vyungu vyake. Ilimuuma, na hakuficha.

"Kwa hiyo ngoma imenishinda mimi."

"Ngoma ni kesho tu. Wewe nakutaka siku zote, ndiyo maana nimekuja mwenyewe," alisema Nakijwa, na akamnyoshea kamba. "Nimeleta keshokutwa. Kama haikufai, sema wewe siku."

Mwajabu aliihesabu kwa vidole. Keshokutwa haikumfaa, alikuwa na ahadi ya kumlimia mama mkwe wake, na mama mkwe yule hakuwa mtu wa kuahirishwa. Soko lilikuwa mtondogoo. Ilibaki mtondo peke yake, siku inayofuata keshokutwa, wachome asubuhi, vipoe usiku, vibebwe alfajiri. Ikipita hiyo, vyungu vitakosa soko.

Na mtondo ilikuwa zamu ya Nakijwa ya maji ya mfereji. Shamba lake la mahindi lilikuwa linasubiri maji hayo kama mtoto anavyosubiri ziwa la mama. Akasema zamu atabadilishana na jirani, na mahindi yatavumilia. Mwajabu akazichukua kamba zote mbili, akaongeza fundo la tatu kwenye kila moja, akalikaza kwa meno.

"Hili nimelifunga mimi," alisema. "Hili halifunguki kabla ya wakati."

Nakijwa hakuondoka mara moja. Vyungu visingeweza kulala nje siku zote hizo kwa umande, kwa hiyo walivirudisha ndani pamoja, kimoja kimoja, wakafunika kuni kwa majani ya mgomba. Mwajabu alikuwa bado amenuna, lakini alipokuwa akimsindikiza alimuuliza wimbo wa kwanza utakuwa upi.

Kesho yake ngoma ililia! Sauti ya Nakijwa ilipanda, ikagonga mlima huu, ikarudi kutoka mlima ule. Na sauti milimani haina siri. Mwajabu aliisikia akiwa uani kwake, kila neno. Lau angeambiwa homa, sauti ile ingemchoma kuliko moto wa vyungu. Lakini alikuwa ameambiwa kweli, na mikono yake siku ile haikuwa na kazi. Alijifunga kanga kiunoni akapanda mlima.

Nakijwa, amefika kwenye ubeti mgumu, pumzi inamwishia na waitikiaji wanalegea, akasikia kigelegele anachokijua nyuma yake. Mwajabu alikuwa ameingia kwenye mstari wa waitikiaji, anaitikia kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe. Furaha ilimjaa Nakijwa hata akasahau kuchoka. Walishinda? Wazee wa mlima ule wanasema walishinda wao, na sisi tunasema tulishinda sisi. Hilo tuliache.

Mtondo, asubuhi na mapema, Nakijwa alifungua fundo la Mwajabu kwa shida, akafika ng'ambo kabla jogoo hajachoka kuwika. Sauti ilikuwa imemkauka kabisa, akaamkia kwa mikono. Walilisha moto, huyu huku, huyu kule, jasho likiwatiririka. Vilipopoa Mwajabu alikigonga kila chungu kwa kucha, na kila kimoja kikalia safi.

Sokoni mtondogoo, mwanamke mmoja alilalamika mbele yao kwamba shoga yake alimtumia mtoto kusema anaumwa, naye kamwona kwenye ngoma akirukaruka. Alisema amekwisha malizana naye. Mwajabu alimtazama Nakijwa, ambaye bado hakuweza kusema.

"Huyu wangu naye alivunja," Mwajabu alimjibu. "Lakini mvunja miadi haendi mikono mitupu. Huyu alikuja na kweli mkono mmoja, na siku nyingine mkono wa pili."

Neno hilo likatoka sokoni na vyungu, likaingia kila nyumba.

Haya, Sefue, mbona unainuka? Unakwenda kumpigia rafiki yako? Vizuri. Mwambie ni mpira, usimumunye maneno. Na kabla hujapiga, ujue utamwambia siku gani, kwa maana mvunja miadi haendi mikono mitupu.