Bakuli la Pili la Bi Mwanakheri

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakiswali pamoja, Nyati ndiye aliyesifiwa msikitini. Nani anajaza birika la udhu? Nyati! Nani yuko safu ya mbele kila swala? Nyati!

Lakini mama yake, Bi Mwanakheri, aliishi peke yake ng'ambo ya kijito, macho hayaoni tena. Kila jioni aliweka mabakuli mawili ya uji. La kwake alikunywa, la pili likapoa. Upweke ulimzidi mpaka akawa anazungumza na kinu.

"Leo atakuja," alikiambia kinu. Hakuja.

Jirani yake Kindi, mdogo kama ngumi, alimsikia akalia. Alikwisha kumwambia Nyati mara mbili, akajibiwa, "Nina kazi za msikiti!" Basi akafuta machozi, akapanga hila.

Zamu yake ya kutoa darsa ilipofika, baada ya swala ya alasiri, Kindi alipanda juu ya kigoda ili aonekane.

"Mtu alimuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie: nani anastahiki zaidi wema wangu? Akajibu, mama yako. Kisha nani? Mama yako. Kisha nani? Mama yako. Kisha nani? Baba yako. Mwingine alitaka kwenda vitani. Akaulizwa, wazazi wako wangali hai? Akasema ndiyo. Akaambiwa, basi jihadi yako ifanye kwao."

"Haki kabisa!" Nyati akanguruma.

"Sasa yuko mama mmoja hapa kwetu, kipofu. Mtoto anaye, lakini haji. Nani atampikia na kumshika mkono?"

"Mimi!" Nyati akaruka, tii! "Na huyo mwanawe nitamchapa pembe! Wallahi nitamhudumia mama huyo mpaka mwisho wa uhai wake!"

"Jamaa, mmesikia?" Kindi akawauliza.

"Tumesikia!"

Wakatoka. Kindi mbele, tiki tiki tiki. Nyati nyuma, du! du! du! Walipovuka kijito, Nyati akapunguza mwendo.

"Kindi, njia hii..."

"Twende, ndugu yangu. Umeapa."

Kindi akapiga hodi.

"Karibuni, wageni," Bi Mwanakheri akaitika. "Mmoja wenu ana nyayo nzito. Mwanangu alikuwa na nyayo kama hizo. Keti, baba, unywe uji huu. Nilimwekea yeye, ila ana kazi nyingi. Usimlaumu."

Puu! Nyati akapiga magoti. Aibu ilimchoma.

"Mama, ni mimi."

Mama akampapasa uso, kisha pembe, polepole.

"Zimekua," akasema. "Zimekua bila mimi kuzigusa."

Nyati akalia kwa sauti. Kindi akamnong'oneza, "Kuna aliyewaacha wazazi wake wakilia. Mtume akamwambia: rudi kwao, uwachekeshe kama ulivyowaliza."

Nyati akanywa uji ule uliopoa, sruuu, mpaka ukamjaa puani akapiga chafya. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu masika. Jioni ile kinu hakikusemeshwa na mtu.

Basi wanangu, kabla hamjakimbilia kuwafanyia wema watu wa mbali, anzeni na mama zenu.