Kikopo cha Bwana Marashi na Manjano ya Bi Zuhura

Paukwa!

Pakawa!

Kinu?

Cha manjano!

Uso?

Wa mwenyewe!

Haya, kaeni. Wewe uliyevaa kofia, acha kumsukuma mwenzio. Nikianza sirudi nyuma.

Hapo kale palikuwa na msichana akiitwa Mwanatumu, akilelewa na bibi yake, Bi Zuhura. Mwanatumu alikuwa ameposwa, na harusi yake ilikuwa imebaki siku nane. Basi Bi Zuhura akatoa kinu chake, akaanza kazi.

Aliponda vipande vya manjano makavu, akatwanga mpaka vikawa unga, akauchekecha kwa kitambaa chepesi ili chembe zisimkwaruze bi harusi. Akachukua unga wa mchele vijiko viwili na manjano ncha ya kijiko tu. Akatia maziwa yaliyochemshwa yakapoa, akakoroga mpaka ukapatikana uji mzito.

"Bibi, mbona manjano kidogo hivyo?" akauliza Mwanatumu.

"Ukizidisha, utaolewa uso kama embe. Geuza shingo."

Akampaka kidogo nyuma ya sikio. "Tunangoja mpaka kesho. Pakiwasha, hatupaki usoni. Pasipowasha, tunapaka, unakaa mpaka karibu kukauka, tunaosha kwa maji kabla haujapasuka. Umanjano ukibaki, tunaufuta kwa mafuta ya nazi."

"Nitakuwa mweupe?"

"Utakuwa Mwanatumu. Maziwa yatalainisha ngozi, manjano yataituliza. Polepole, mjukuu wangu. Uso si sufuria."

Mwanatumu akanuna. Alitaka kung'aa, tena leo.

Sasa, mjini palikuwa na duka jipya, na mwenye duka alijiita Bwana Marashi. Alivaa vizuri, alinukia vizuri, alicheka vizuri. Lakini hakuwa mtu. Alikuwa zimwi, na ninyi nawaambia mapema msije mkanisumbua kwa maswali.

Basi Mwanatumu akaenda dukani. Zimwi likamwonyesha kikopo chenye kifuniko cha dhahabu, kinang'aa hata ukajiona meno.

"Paka leo, kesho watu watakuuliza siri," likasema.

"Ndani mna nini?"

"Hiyo ni siri ya duka."

Akakichukua, akakificha chini ya mto.

Siku ya kwanza akapaka, uso ukang'aa. Siku ya pili akapaka, uso ukawa mweupe, lakini masikio na vifundo vya vidole vikabaki vyeusi vilevile. Siku ya tatu akapaka, akatoka juani, uso ukamwaka moto akarudi ndani mbio. Akiacha kupaka, unavimba na kuwasha. Akipaka, unatulia. Basi akaendelea kupaka, kanga ameivuta usoni Bibi asione.

Na kikopo hakikupungua. Kila akichota, kesho yake kimejaa zaidi.

Siku ya tano Bi Zuhura akakikuta. Akakifungua, akachungulia. Ndani ya mafuta yale akaona jicho, na shavu, na kidoti kilekile alichozaliwa nacho mjukuu wake. Akamtazama Mwanatumu. Ngozi imekuwa nyembamba mpaka mishipa inaonekana, na kidoti hakipo.

"Kivunje, Bibi," Mwanatumu akasema, analia.

"Nikikivunja navunja uso wako. Nipe muda nifikiri."

Akaenda nyuma ya lile duka Mwanatumu alilomtajia, akatega sikio. Akalisikia zimwi linaimba:

*Paka leo, paka kesho,*
*siku ya saba uso ni wangu.*
*Nitakuja kwa sura ya ndugu,*
*anipe mwenyewe kwa mkono wake.*

Bi Zuhura akarudi nyumbani. Hakulia. Aliketi, akatwanga manjano kinu kizima.

Mnajua sheria ya mazimwi? Zimwi likitambuliwa mchana kweupe kabla halijapewa linachokitaka, hurudisha vyote lilivyochukua. Lakini mtu akikosea, akamnyooshea kidole asiye zimwi, basi limeshinda.

Siku ya saba asubuhi, hodi mlangoni. Ni Shangazi Mwanakombo, amekuja harusini. Kabla hajavua viatu, hodi tena. Ni Shangazi Mwanakombo mwingine. Sura ileile, kanga ileile, hata kikohozi kilekile.

"Mwanangu, usimsikilize huyo," akasema wa kwanza. "Nipe kikopo nikutunzie."

"Mwanangu, usimsikilize huyo," akasema wa pili. "Huyo ndiye mwongo, na wala sijui kikopo gani."

"Ala, hukijui?" wa kwanza akamwambia wa pili. "Si uliniandikia barua, Mwanatumu?"

Mwanatumu alikuwa ameandika kweli, siku ile uso ulipong'aa. Barua ilifika kwa nani, hakujua. Akakibana kikopo kifuani, kwa maana alimpenda shangazi yake na hakuweza kumtambua.

Bi Zuhura akasema taratibu, "Karibuni nyote wawili. Kazi ya bi harusi haingoji. Korogeni manjano, kila mtu bakuli lake, kwa mkono."

Wakakoroga. Wa kwanza akakoroga vizuri. Wa pili akakoroga vizuri. Mikono yote minne ikawa ya manjano mpaka kwenye kiwiko.

"Inatosha. Kanaweni. Mafuta ya nazi yale pale, sabuni ya magadi ile pale."

Akakaa, akatazama.

Shangazi wa pili akachota mafuta ya nazi, akayasugua mikononi, akajifuta kwa kitambaa kikuukuu, akachota tena. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, ndivyo wanavyofanya wanawake wote wa nyumba ile tangu wakiwa wadogo.

Wa kwanza akaona hayo ni mambo ya kizamani. Akachukua sabuni. Akasugua mara moja, manjano yakageuka mekundu. Akasugua mara ya pili, yakazidi kuwa mekundu. Akasugua mara ya tatu, mikono yote ikawa myekundu kama tofali, naye akadhani ameumbuliwa kwa uchawi.

"Si uchawi," akasema Bi Zuhura. "Manjano yakikutana na sabuni ya magadi huwa mekundu. Mwanakombo anajua hilo tangu hajaota meno ya ukubwani. Unauza dawa za uso, bwana, na hujui manjano. Wewe ni zimwi."

Kanga ikadondoka, likabaki zimwi limesimama, mikono myekundu. Kifuniko cha dhahabu kikaruka chenyewe. Uso wa Mwanatumu ukarudi mahali pake, na kidoti chake. Zimwi likakimbia, na duka lake asubuhi ile likakutwa limejaa majivu tu.

Lakini ngoja, msipige makofi bado. Uso ulirudi umechubuka.

"Nipake manjano sasa, Bibi," Mwanatumu akaomba.

"Hapana. Juu ya kidonda hatupaki kitu cha kusugua. Maji baridi, kivuli, na harusi itasogezwa."

"Na mchumba akikataa kungoja?"

"Basi tutajua mapema."

Mchumba akangoja mwezi mzima, na kila Ijumaa alileta maziwa. Uso ulipopona, Bi Zuhura akapaka kidogo nyuma ya sikio, akangoja mpaka kesho, ndipo akapaka usoni. Mwanatumu akaketi mpaka karibu kukauka. Alipooshwa, akajitazama kwenye kioo.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe," akasema Bi Zuhura, na hapo ndipo bibi yule alipolia.

Hadithi yangu imeishia hapo, na kinu nimekifunika. Ninyi shikeni hili: asiyekwambia kilichomo ndani ya kikopo, usimpe uso wako.