Kifaru Aliyemfukuza Shashi

Jumatatu, tarehe nane Rajabu, saa tatu asubuhi, fundi wa mawe Vuai bin Kheri alitiwa minyororo katika mji wa Rasimbe, uliotawaliwa na Sultani Jabiri bin Mwinyi. Kosa lake lilikuwa kusema barazani kwamba ukuta wa bwawa la kasri una ufa, na kwamba ukibomoka maji yatashukia Mtaa wa Chini. Ukuta huo ulijengwa na Waziri Makame. Waziri alisema fundi anawatia watu hofu, na Sultani akahukumu anyongwe Alhamisi.

Hukumu ya Sultani haikupingwa kwa maneno ya wazi. Njia ilikuwa moja: kusimama mbele ya kiti na kusimulia hadithi ya wanyama, nayo iwe mpya. Msimulizi hakuruhusiwa kutaja funzo. Funzo lilitajwa na wasikilizaji, na likikubaliwa na Sultani lilikuwa sheria. Mwamuzi wa upya alikuwa jini Darkashi, aliyefungwa ndani ya mtungi wa shaba na babu yake Sultani, na kifungo chake kilikuwa kidumu mpaka asikie hadithi asiyoweza kuimaliza. Msimulizi alipewa nafasi tatu.

Jumanne asubuhi alikuja Mize binti Kombo, mke wa Vuai, mfuga ng'ombe na muuza maziwa. Akapiga goti, akaanza habari ya sungura aliyemwalika fisi karamuni.

Moshi ukatoka mtungini. "Fisi anaingiza kichwa kwenye shimo kwa kufuata nyama, sungura anakimbia, na funzo ni tamaa," alisema jini. "Niliisikia kabla mji huu haujawa na lango. Ya pili!"

Mize akasimulia ya kicheche aliyemdanganya mamba ili avuke mto. Hata mto haujavukwa, jini akaimaliza.

"Umemvua sungura ngozi ukamvika kicheche," alisema. "Kicheche wako hafanyi lolote ambalo ni kicheche tu angelifanya. Mtoe, mtie mbuzi, mambo yanakwenda vilevile. Na funzo lako nimeliona tangu mlangoni, limekaa linaningoja."

Baraza likacheka. Waziri Makame akasema, "Bibie, rudi kwenye maziwa yako."

"Nitarudi, Bwana Waziri, nikiwa na mume wangu," alijibu Mize. Kisha akaugeukia mtungi. "Basi nianzie wapi?"

Jini alishusha sauti. Alikuwa amekaa humo miaka tisini. "Anzia kwa mnyama uliyemwona kwa macho yako. Tafuta tabia yake ya kweli, ile imwokoayo, na hiyohiyo ndiyo imwangamize. Halafu mwache atoe funzo mwenyewe, na alikosee."

Mize akawafikiria ng'ombe wake, na mbuga alikowalisha, na akasema:

"Seyyidi, kifaru haoni mbali, lakini husikia sana. Mgongoni mwake hukaa shashi, yule ndege mdogo alaye kupe, ambaye akimwona mtu hupiga kelele. Shashi si malaika. Hudonoa vidonda na kunywa damu. Kila shashi alipolia, kifaru alikimbia, na nyuma yake akasikia wawindaji. Kwa kuwa alisikia na hakuona, alihesabu hivi: kwanza kelele, kisha wawindaji. Akasema, 'Huyu ndiye anayewaita.' Akajisugua mtini mpaka shashi akaruka akaenda zake. Mbuga ikawa kimya. Mwindaji akaja upande ambao upepo haukupeleka harufu yake, akakaribia hatua tano. Kifaru akasikiliza, asisikie kitu, akasema, 'Tangu nimfukuze yule mpiga kelele, hakuna mwindaji tena duniani.' Akalala."

Watu wakautazama mtungi. Safari hii jini hakuimaliza.

"Funzo!" aliamuru Sultani.

Waziri Makame alisimama wa kwanza. "Seyyidi, liko wazi. Ndege alikuwa mnyonya damu, na alipoondoka mbuga ilipata utulivu. Wapiga kelele wafukuzwe."

Sultani Jabiri alimgeukia.

"Makame," alisema, "hayo ndiyo maneno ya kifaru."

Waziri akaketi. Sultani akauliza kama kuna mtu aliyekwenda kuutazama ukuta tangu fundi aseme. Hakuna aliyekwenda. Akasema, "Funzo ni hili, na liandikwe: anayeleta habari ya hatari asiadhibiwe kabla hatari haijatazamwa." Karani akaandika. Mtungi ukapasuka vipande viwili, na moshi ukatoka dirishani usirudi.

Vuai alifunguliwa adhuhuri hiyohiyo. Alikwenda na Sultani bwawani, na mkono wake ukaingia ufani mpaka kiwikoni. Mtaa wa Chini ukaamriwa kuhama.

Ukuta ulibomoka Jumatano, baada ya sala ya alasiri. Maji yalichukua nyumba arobaini na moja, mojawapo ikiwa ile ya Mize na Vuai. Watu wa mtaa walihesabiwa uwanjani kabla ya magharibi. Hakukosekana hata mmoja.