Kokoto ya Arobaini

Hadithi yafika!
Ifike, tumeketi!
Imebeba nini?
Itue tuone!

Hapo kale Tembo na Pimbi walikuwa ndugu. Mnacheka? Mchungulieni Pimbi mdomoni. Yale meno mawili yanayochomoza mbele ni pembe za ukoo, ila zake ni fupi. Hivyo ndivyo alivyosimulia bibi yangu, na bibi hakupenda mtu aongeze chumvi.

Bi Pimbi alikuwa anamwoza binti yake, Mwanakombo. Harusi ilikuwa Alhamisi (wasemao Ijumaa wanakosea), juu ya mwamba wao wenye kivuli. Bi Pimbi aliupima mwamba kwa kokoto: kila nafasi kokoto moja, kila kokoto kipande kimoja cha boga. Zikatimia arobaini. Ya arobaini na moja ilibingirika bondeni, ting, ting, ting!

Kwao, bibi harusi hatoki ndani mpaka mjomba asimame aseme, "Toka, mwanangu." Mjomba akinuna, harusi hakuna. Na mjomba mwenyewe ndiye Tembo, kaka yake Bi Pimbi.

Zikiwa zimebaki siku tano, habari ikafika: Tembo anakuja na rafiki zake tisa, tembo wote!

"Mwambie tutaona," akashauri Kindi, jirani yao.

"Nikisema tutaona, yeye atasikia ndiyo," akajibu Bi Pimbi. "Nakwenda mwenyewe, tena leo."

Akatia kokoto zake kikapuni, akashuka mtoni, tipu, tipu, tipu. Tembo alikuwa anaoga, bwaa, bwaa!

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu! Boga limeiva?"

"Limeiva. Kaka, bila wewe mwanao hatoki ndani. Nafasi yako ipo, ya mbele kabisa. Ya wenzako haipo. Nimekuja kukwambia mapema, usije ukaaibika mbele yao."

Tembo akapiga mguu chini, ndi! Maji yakaruka.

"Nimeshawaambia! Watanionaje? Basi niwalete watano."

"Nafasi haipo, kaka."

"Wawili."

"Nafasi haipo, kaka."

"Mmoja! Mwembamba!"

"Nikimwongeza mmoja wako, Shangazi Kobe ataniuliza wake yuko wapi. Nimemnyima yeye, siwezi kukupa wewe." Akamwaga kokoto mchangani, chakacha! "Hawa ndio wageni. Inua mmoja, mwenzako akae hapo. Ila utakayemwinua, utamwambia wewe."

Tembo akatabasamu. Kumbe rahisi! Akainua kokoto ya kwanza.

"Huyu nani?"

"Bibi yake bwana harusi. Ametembea siku sita."

Tembo akairudisha. Akainua ya pili.

"Huyu nani?"

"Mpishi."

Tembo akairudisha upesi sana. Akainua ya tatu.

"Huyu nani?"

"Bi Nyuki na wanawe."

"Ahaa! Mimi mmoja tu nanyimwa, na Nyuki anakuja na mia!"

"Hao mia hukaa tawi moja, kaka, na asali wanaleta wenyewe. Lakini umeshamwinua. Nyumba yake ni mgunga ule pale. Mwambie kwa upole, leo hana amani."

Tembo akautazama mgunga. Masikio yakaanza kupepea, pwa, pwa, pwa. Akaiweka kokoto mahali pake, polepole, kama anayelaza mtoto.

"Bi Nyuki ni mtu wa heshima," akasema.

"Sana. Na wenzako nao wana heshima yao. Siku ya tatu baada ya harusi nitamleta Mwanakombo hapa kwako, wamwone wote tisa, wampe mkono. Wewe ndiye utakuwa mwenyeji."

"Mimi mwenyeji?" Tembo akavimba kifua. "Basi waambie kwenu wasije wengi. Mtoni hapa pana nafasi ya wanane tu!"

Alhamisi Tembo akaja peke yake. Akasimama, akasema, "Toka, mwanangu," na Mwanakombo akatoka, vigelegele, lililili! Kisha Tembo akaketi, akaanza kutazama huku na huku.

"Dada, mbona Bi Nyuki simwoni?"

"Amepata udhuru, kaka. Kula boga."

Mimi nimeuliza sana kuhusu kokoto ile ya tatu, maana sipendi hesabu isiyokaa sawa. Bibi akanifunulia. Wageni walikuwa thelathini na tisa, na Bi Nyuki hakualikwa kamwe. Ile ya tatu ndiyo kokoto ya arobaini, nayo ilikuwa ya Tembo mwenyewe: alitengewa mbili, moja aketi, nyingine makalio yake yasimkalie Shangazi Kobe.

Hapa inatua, mimi nimeitua. Anayeitaka aibebe!

Na funzo lake, watoto wazuri, ni hili: jamaa yako ukitaka kumnyima nafasi, mwambie ukweli mtupu, usichanganye na uongo hata chembe. Bi Pimbi alifanya hivyo hivyo.