Bibi Aliyesahau Kapu

Paukwa!

Pakawa!

Nyie wa nyuma mmejibu kwa uvivu. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, ukame ulipokausha visima, watu wa kijiji kimoja walitawanyika. Mashavu, mumewe na binti yao Siwema wakavuka milima, wakahamia ugenini, kwenye lugha nyingine kabisa. Mama mkwe wake, Bi Kidawa, akaja nao.

Siwema alishinda akicheza na watoto wa jirani. Miezi ikapita, lugha ya ugenini ikamjaa mdomoni. Mama akimwita kwa lugha ya nyumbani, mtoto anajibu kwa lugha ya jirani. Mashavu aliumia. Aliogopa kwamba siku moja atazungumza na mwanawe kwa ishara, kama bubu.

Akaamua kumsimulia hadithi kila anapomlaza. Na Mashavu alijua kusema, wallahi! Akaanza: "Palikuwa na sultani adhimu, mwenye haiba na jaha, aliyetamalaki himaya..." Siwema akageukia ukutani.

"Nataka bibi," akasema.

Lo! Maneno mawili tu ya kwao aliyoyatamka siku nzima, na yote ya bibi.

Bi Kidawa akaja, akaketi kitandani. Hadithi yake ilikuwa moja, ile ile kila siku.

"Kuku amepotea. Kokoo! Kokoo! Yuko chini ya kitanda?" Bibi anainama, anachungulia.

"Hayupo!" anajibu Siwema.

"Kokoo! Kokoo! Yuko nyuma ya mlango?" Bibi ananyoosha kidole.

"Hayupo!"

Siku nyingine bibi huongeza mahali pamoja, pamoja tu. Siwema akitaja paa kwa lugha ya jirani, bibi hamgombezi. Husema, "Ehee, juu ya paa! Kuku yuko juu ya paa?" na safari inaendelea. Ila mwishoni, kila siku, bibi hukwama.

"Kuku yuko ndani ya... ndani ya... Ah, nimesahau!"

Anakuna kichwa. Anangoja. Anangoja tena, mpaka ungedhani amesinzia.

"Kapu!" anapiga kelele Siwema. "Ndani ya kapu!"

Mashavu alikuwa mlangoni akisikia vile vicheko, na wivu ukamshika. Nimezaa mimi, anachekeshwa na mwingine! Kuanzia hapo kila alichofanya mama mkwe kilikuwa na kasoro. Uji mzito. Kikohozi kikubwa. Hata alivyokalia kigoda!

Asubuhi moja likamtoka. "Mama, umri umekwenda. Kila siku unasahau neno lile lile. Leo mtoto nitamlaza mwenyewe."

"Mlaze, mwanangu," Bi Kidawa akajibu. "Ni wako."

Basi Mashavu akaiiba hadithi, kuku na kitanda na mlango na paa. Akaisimulia mbiombio, bila kukwama, kapu akalitaja mwenyewe. Siwema akataja paa kwa lugha ya jirani. "Siyo hivyo! Sema vizuri!" Mtoto akafunga mdomo. Siku ya pili, kimya. Siku ya tatu, kimya.

Siku ya nne Mashavu alifika kwenye kapu, machozi yakamjaa, sauti ikakatika.

"Kuku yuko ndani ya... ndani ya..."

Hakuweza kuendelea. Siwema akainuka, akamtazama usoni.

"Kapu, mama. Umesahau?"

"Nimesahau, mwanangu."

"Mimi najua! Kokoo! Kokoo!" Akaanza upya, toka chini ya kitanda mpaka kapuni, mama akiitikia "Hayupo!"

Mtoto alipolala, Mashavu akamwendea mama mkwe jikoni.

"Mama, kumbe hukuwa umesahau."

"Nisahau nini? Mimi nakumbuka mpaka yule kuku wa harusi yako. Alikuwa mifupa mitupu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenisikia, na wivu wote ule?"

Mashavu akainamisha kichwa. "Nisamehe, mama."

Miaka ikaenda. Siwema akawa mwanamke mzima, na bibi akalala kitandani, hajui tena mchana wala jioni. Siku moja akaanza mwenyewe, kwa sauti ndogo: "Kuku yuko ndani ya... ndani ya..."

Akakuna kichwa. Safari hii hakuwa akingoja mtu. Alikuwa amesahau kweli.

"Kapu, bibi," akasema Siwema kwa lugha ya nyumbani, akimshika mkono. "Ndani ya kapu."

"Ehee," akasema bibi, akacheka.

Mashavu alikuwa mlangoni tena. Wivu? Ulikuwepo, kidogo. Safari hii aliingia, akaketi nao.

Basi wenye watoto, msimalize maneno yote. Mwachieni mtoto moja alitafute. Nami hadithi yangu naiacha hapa, kuku yumo ndani ya...

Haya, semeni nyie!