Ukurasa Mmoja wa Namkunda

Sogeeni karibu, na anayetafuna atafune polepole, maana mwishoni nitauliza swali na sitaki mtu aniambie hakusikia.

Huko milimani Upare, wanakolima tangawizi na kugawana maji ya mfereji kwa zamu, walikuwapo wanawake watatu wenye vipaji. Yunisi alikuwa fundi cherehani. Mpe kitambaa kilichokunjamana vyovyote vile, atakwambia kina vipande vingapi ndani yake. Mama Eliamani alikuwa mkunga wa miaka thelathini, na alimtofautisha mwanamke anayelia kwa uchungu na anayelia kwa woga hata kabla hajafunguliwa mlango. Nanzia alikuwa katibu wa kamati ya maji. Watu wakigombania zamu, yeye huuliza jambo moja tu: "Hilo nani analijua kwa hakika?" Wengi hawakumpenda kwa swali hilo, hasa waliokuwa wakidanganya.

Rafiki yao alikuwa Namkunda, mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka arobaini na miwili, hajaolewa, akiishi na mama yake Bibi Nakiete ambaye macho yake yalikuwa yamepungua nguvu. Basi mwaka mmoja Namkunda akaposwa. Aliyeposa ni Hezroni, mgane kutoka Kilosa, fundi wa pampu za maji, mpole mwenye kicheko cha kuamsha kijiji. Alitaka wakaishi Kilosa. Mshenga wake angekuja Alhamisi kuchukua jibu, na mshenga hapewi "tutaona".

Jumapili, wanne hao wakimenya tangawizi, Namkunda alifungua moyo. Aliongea tangu walipotoka kanisani hadi kuku wakaingia bandani. Akalia mara mbili. Akasema nitakwenda, akasema siendi, akamlaani Hezroni, akamsifu Hezroni, akarudi alikoanzia. Alikwenda nyumbani moyo mwepesi kama pamba. Lakini Jumatatu, alipotaka kupima aliyoyasema, hakukumbuka kitu ila kwamba macho yalikuwa yakimwasha.

Jumanne akawaita barazani kwa Yunisi, daftari mkononi.

"Jamani, sitaki ushauri. Ushauri ninao gunia zima. Nirudishieni niliyosema mimi mwenyewe, lakini yaenee ukurasa mmoja. Alhamisi inakuja na mimi sijijui."

Yunisi akaanza. "Andika njia zako, mwalimu. Ya kwanza, kwenda Kilosa. Ya pili, kukataa ubaki na mama. Ya tatu, mama akae kwa kaka yako Same, wewe uende zako. Ya nne, Hezroni ahamie huku."

"Ngoja," Namkunda akasema. "Hiyo ya tatu si yangu. Ni maneno ya kaka kwenye simu, mimi nilikuwa nawasimulia tu."

"Samahani, nimeshona kiraka cha mwenzio. Futa." Yunisi hakununa, alichukua kalamu akaikata mwenyewe. "Zimebaki tatu."

"Na ile ya kumwomba Hezroni asubiri mwaka?" Namkunda akauliza.

"Uliisema mwanzoni. Baadaye ukasema huwezi kumchezea mtu mzima namna hiyo. Uliitupa mwenyewe, mimi niiokote ya nini?"

Namkunda akatikisa kichwa. "Lakini ya Hezroni kuhamia huku, mimi niliisema lini?"

"Mara moja tu, ulipoinuka kuchota maji. 'Au aje yeye amenye tangawizi!' Ukacheka, ukapita. Kilosa uliitaja zaidi ya mara kumi. Lakini mimi sihesabu vipande kwa kelele zake."

Zamu ya Mama Eliamani. Yeye hakutazama daftari, alimtazama Namkunda mikononi.

"Hofu zako, mwanangu. Ulisema mama ataanguka, mama ataungua jikoni, mama atakula nini. Umezunguka humo saa nzima, lakini hofu ni moja: mama kufa wewe usipokuwapo. Iandike mara moja. Ya pili, watu wa kanisani watakucheka."

"Hao siwaogopi, mama. Nilikuwa na hasira tu."

"Basi futa. Iliyobaki uliisema kwa mzaha, lakini kisu chako cha kumenyea kilisimama. Ulisema kitanda chako hakijui mtu wa pili. Unaogopa kuwa umechelewa, kwamba hujui tena kuishi na mwenzio."

Namkunda alihisi uso ukimwaka moto. Kwa miaka mingi alijificha nyuma ya mama yake hivi kwamba hata yeye alikuwa amesahau kuna mtu huko nyuma. Akajifuta machozi kwa kanga, akaandika neno kwa neno.

"Kulikuwa na moja zaidi," akasema mkunga, "kwamba mgane humlilia marehemu mkewe ndani ya nyumba yako. Lakini hukuisema wewe. Hiyo ni yangu, niliolewa na mgane. Nimeimeza."

Nanzia naye akasogeza kiti kama yuko kikaoni.

"Sasa mambo yatakayoamua. La kwanza, mama anataka nini. Jumapili nzima ulisema 'mama hatakubali'. Hukusema hata mara moja 'mama alisema'. Hilo nani analijua kwa hakika?"

"Mama," Namkunda akajibu kwa sauti ndogo.

"La pili, kama Hezroni anaweza kufanya kazi yake huku. Anayejua ni Hezroni, na simu ipo. La tatu, kama wewe unamtaka. Hilo halina katibu, unalijua wewe peke yako."

"Na uhamisho wa mwalimu, wa kwenda kufundisha huko?" Yunisi akauliza.

"Uhamisho ni wa njia ya Kilosa peke yake. Auandike pembeni ya njia ile, asiubebe kwenye njia zote."

Namkunda akasoma ukurasa kwa sauti, njia tatu, hofu mbili, mambo matatu ya kuamulia. Akawatazama. "Haya. Huyu ndiye mimi."

Akaenda nyumbani akamuuliza mama yake. Bibi Nakiete akapiga makofi. "Tangu uposwe nangoja uniulize! Nataka mtu wa kunichekesha humu ndani, wewe ukitoka shuleni hata salamu inakushinda. Ila Kilosa siendi, kuna joto."

Akampigia Hezroni. "Kwa hiyo naruhusiwa kuja?" akasema huyo. "Pampu za huko zinaharibika kuliko za huku! Nilinyamaza nikidhani utanidharau, mwanamume kufuata mke."

La tatu alilijibu peke yake, akiitazama ile hofu ya pili. Akagundua anaogopa na anataka, yote kwa pamoja. Akamwambia Hezroni hivyo hivyo, naye akacheka mpaka simu ikakwaruza. Alhamisi mshenga akapewa jibu: ndiyo, lakini Hezroni ndiye apande mlima.

Sasa ndipo tatizo lilipoanza. Bibi harusi husimamiwa na mwanamke mmoja tu. Huyo ndiye atakayesimama naye kanisani, na ndiye atakayekimbiliwa ndoa ikitetereka, maisha yote.

"Bila mimi," akasema Yunisi, "njia unayoolewa nayo ingetupwa pamoja na maganda ya tangawizi."

"Bila mimi," akasema Mama Eliamani, "ungemjibu Hezroni kwa mdomo wa mama yako."

"Bila mimi," akasema Nanzia, "karatasi yako ingekuwa pambo la ukutani, na mama angekuwa bado anangoja kuulizwa."

Namkunda aliwatazama wote watatu, akafungua daftari ukurasa mpya, akalifunga. Mchungaji anataka jina kabla ya Jumapili, na safari hii hakuna aliyebaki wa kumsaidia, maana wasaidizi wote ndio wagombea. Mmebaki ninyi. Je, wewe ungeamua vipi?